Njia Fupi Siyo Bomba Fupi

Chukua penseli na karatasi. Chora vidoto sita, uviandikie majina: Bandari, Soko, Msikiti, Shule, Kisima na Zahanati. Huu ni mji mdogo wa pwani, wa kubuni, wenye barabara nane tu. Tatu zinaanzia Bandari: ya kwenda Msikiti ni mita 200, ya Shule mita 300, ya Soko mita 400. Kati ya Msikiti na Soko kuna mita 300. Kutoka Soko ni mita 200 hadi Kisima na mita 400 hadi Zahanati. Kisima hadi Zahanati ni mita 300. Ya nane ni ile ndefu inayopita nyuma ya minazi, kutoka Shule hadi Zahanati, mita 800.

Mchoro wa namna hii wanahisabati huuita grafu yenye uzito. Vidoto ni vituo, mistari ni njia, na uzito ni namba iliyoandikwa juu ya kila mstari. Hapa ni mita, lakini ingeweza kuwa dakika au shilingi, hesabu haijali.

Sasa waje watu watatu. Wa kwanza ni dereva wa bodaboda aliyepakia mgonjwa Bandari, anataka kumfikisha Zahanati kwa njia iliyo fupi kuliko zote. Wa pili ni fundi bomba. Yeye anataka vituo vyote sita vipate maji kwa kuchimba mtaro mfupi iwezekanavyo kando ya barabara hizo. Wa tatu ni mzoa taka mwenye mkokoteni, na kazi yake ni kupita kila barabara, asiache hata moja, kisha arudi alikoanzia.

Ramani ni ileile na namba ni zilezile. Nimefundisha somo hili la hesabu za vyuo kwa miaka kadhaa, na kosa ninalokutana nalo zaidi katika karatasi za mtihani silo la kujumlisha. Ni mwanafunzi kumpa bodaboda jibu la fundi bomba.

Tuanze na bodaboda. Mtu asiye na mbinu husema: nishike barabara iliyo fupi pale nilipo, nikifika nishike fupi nyingine. Kutoka Bandari fupi ni ya Msikiti, 200. Toka Msikiti aende Soko, 300. Toka Soko fupi ni ya Kisima, 200, kisha Zahanati, 300. Jumla mita 1000. Kila hatua aliyopiga ilikuwa nafuu, na safari nzima ikawa ghali.

Mbinu inayofaa aliifikiria Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1956, akiwa mkahawani Amsterdam na mchumba wake, baada ya kuchoka na manunuzi. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba ilimchukua kama dakika 20, bila kalamu wala karatasi. Sisi tutatumia vyote viwili, penseli na kalamu ya wino. Kwa penseli tunaandika umbali tunaoujua kwa sasa, ambao unaweza kufutwa. Kwa wino tunaandika umbali ambao hautabadilika tena.

Bandari iandikie 0 kwa wino. Majirani zake wapate penseli: Msikiti 200, Shule 300, Soko 400. Iliyo ndogo kati ya namba za penseli ni ya Msikiti, basi ipige wino. Je, kupitia Msikiti kuna nafuu ya kufika Soko? 200 na 300 ni 500, Soko tayari ina 400, tuiache. Sasa ndogo ni Shule, 300. Ipige wino, kisha utazame mbele: kupitia Shule, Zahanati inafikika kwa 300 na 800, yaani 1100. Iandike kwa penseli, na usishangilie. Inayofuata ni Soko, 400 kwa wino. Kutoka hapo Kisima inapata 600, na Zahanati inapata 400 na 400, yaani 800. Chukua kifutio, ile 1100 iondoke. Kisima inapigwa wino kwa 600, na kupitia kwake Zahanati ingekuwa 900, haifai. Zahanati inapigwa wino kwa 800. Njia ni Bandari, Soko, Zahanati.

Kwa nini tunathubutu kupiga wino? Kwa sababu namba tuliyoichagua ndiyo ndogo kuliko zote za penseli. Njia nyingine yoyote ya kufika pale ingelazimika kwanza kupita kituo chenye namba kubwa kuliko hiyo au sawa nayo, na hakuna barabara inayorudisha mita ulizokwisha kutembea. Hapo ndipo ulipo mpaka wa mbinu hii. Badala ya mita weka pesa, na katika barabara fulani dereva apate abiria anayemlipa, kiasi kwamba gharama yake inashuka chini ya sifuri. Wino wetu utakuwa umekauka mapema mno, na jibu laweza kuwa baya bila dalili yoyote kwenye karatasi.

Fundi bomba hana haja na mambo hayo. Yeye hasafiri. Mwaka 1926 mwanahisabati wa Moravia, Otakar Borůvka, alitoa suluhisho la swali lake, ila kilichokuwa kinasambazwa wakati ule kilikuwa umeme. Njia rahisi ya kulitatua kwa mkono ni ya Mmarekani Joseph Kruskal, ya mwaka 1956: panga barabara zote kuanzia fupi, zichukue moja moja, na uiruke yoyote inayofunga duara.

Fupi ni mbili za mita 200: Bandari na Msikiti, Soko na Kisima. Chukua zote mbili, ingawa hazigusani. Hapo wanafunzi wengi husita, wakidhani mtandao lazima ukue kutoka sehemu moja. Si lazima, vipande vitakutana mbele ya safari. Kisha zinakuja tatu za mita 300: Msikiti na Soko, Bandari na Shule, Kisima na Zahanati. Zote zinaingia. Sasa hesabu: vituo sita, mabomba matano. Mtandao usio na duara unaounganisha vituo vyote huwa na mabomba pungufu ya vituo kwa moja, kwa hiyo tumemaliza. Ukipata sita, kuna duara mahali. Ukipata manne, kuna mtu hana maji.

Mtaro wote ni mita 1300. Sasa weka kidole juu ya njia ya bodaboda, Bandari hadi Soko, Soko hadi Zahanati. Hakuna hata moja ya barabara zile mbili iliyoingia katika mtandao wa mabomba. Ndani ya bomba, tone la maji linalotoka Bandari kwenda Zahanati litasafiri mita 1000, safari ileile ya dereva wetu asiye na mbinu. Wala hilo si kosa la fundi. Aliulizwa mtaro wote una urefu gani, hakuulizwa nani yuko mbali na nani.

Dijkstra naye alilijua hilo vizuri. Makala yake ya mwaka 1959, yenye kurasa tatu tu, inazungumzia matatizo mawili, hili la mtandao na lile la njia fupi, na kila moja ina mbinu yake.

Ila ningekuwa mkazi wa mji ule ningemuuliza fundi jambo moja. Bomba kati ya Msikiti na Soko likipasuka, Soko, Kisima na Zahanati zote zinakauka kwa mpigo. Mtandao wa bei ndogo kuliko yote hauna njia ya pili, maana njia ya pili ndilo lile duara tulilolikataa.

Anabaki mzoa taka, na swali lake ndilo kongwe kuliko yote. Mwaka 1736 ndio mwaka wa makala ya Leonhard Euler kuhusu mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad, Urusi. Mto uliugawa mji sehemu nne, na madaraja saba yaliziunganisha. Je, mtu aweza kuyavuka yote, kila moja mara moja tu? Euler hakuhangaika kujaribu njia. Alihesabu madaraja yanayogusa kila sehemu, akapata matano, matatu, matatu na matatu. Kila mara unapopita mahali unatumia daraja moja kuingia na moja kutoka, yaani mawili mawili. Mahali penye idadi witiri panabaki na moja lisilo na mwenzake, kwa hiyo panaweza tu kuwa mwanzo au mwisho wa matembezi. Königsberg ilikuwa na sehemu nne za witiri, na matembezi yana ncha mbili tu. Haiwezekani.

Mjini kwetu Soko inaguswa na barabara nne, na Msikiti, Shule na Kisima mbili mbili kila kimoja. Bandari ina tatu, Zahanati tatu. Witiri ni mbili, basi matembezi yapo, mradi yaanze Bandari na kuishia Zahanati: Bandari, Msikiti, Soko, Bandari, Shule, Zahanati, Kisima, Soko, Zahanati. Fuata kwa kidole, barabara zote nane zimepitwa, kila moja mara moja, mita 2900.

Tatizo ni kwamba mkokoteni unatakiwa kulala Bandari. Kurudi ni lazima, na kurudi ni kukanyaga tena barabara zilizokwisha kuzolewa. Irudiwe ipi? Hili alilishughulikia Mchina Guan Meigu mwaka 1960, akimfikiria mpeleka barua. Vituo viwili vya witiri viunganishe kwa njia fupi kuliko zote, na hiyo ndiyo irudiwe. Kazi hiyo tumeshaifanya, ni ile ya bodaboda, mita 800 kupitia Soko. Mzunguko mzima ni 2900 na 800, yaani mita 3700, na hakuna mzunguko mfupi zaidi. Vituo vya witiri vikiwa vinne, kuna namna tatu za kuvipanga wawili wawili, na itabidi upime zote tatu. Vikiwa sita, namna ni 15.

Halmashauri ya mji wetu wa karatasi sasa inakata barabara mpya, moja kwa moja kutoka Bandari hadi Zahanati, mita 700. Ichore. Bodaboda ataokoa mita 100. Bandari na Zahanati zitakuwa na barabara nne nne, witiri itaisha, na mzoa taka atamaliza mzunguko wake bila kurudia hatua: 2900 na 700, mita 3600. Fundi bomba ataitazama barabara hiyo na kuendelea kuchimba palepale.