Kimya cha Kingston, Kelele za London

Mwishoni mwa 1976, katika mtaa wa Neal, eneo la Covent Garden jijini London, ilifunguliwa klabu iliyoitwa Roxy. Ilikuwa klabu ya vijana wa panki, wale waliopiga magitaa kwa kasi na kuimba kwa kufoka. Aliyepewa kazi ya kupiga santuri baina ya bendi moja na nyingine ni Don Letts, kijana mwenye rasta kichwani, mzaliwa wa London ambaye wazazi wake walitoka Jamaika. Letts alikuwa na shida moja. Panki ilikuwa ndiyo kwanza inazaliwa, na santuri zake zilizokwisha kutoka zilihesabika kwa vidole. Akafanya alichoweza: akaleta santuri zake mwenyewe, rege na dabu kutoka Kingston.

Vijana wale walikuja kusikiliza kelele, na kila bendi iliposhuka jukwaani wakasikilizishwa besi nzito, ngoma za taratibu na mwangwi unaofifia. Wengi wao walikwishaisikia rege mitaani, kwa sababu walikua jirani na familia zilizohamia Uingereza kutoka visiwa vya Karibi. Paul Simonon, mpiga besi wa bendi ya The Clash, alikulia Brixton na upande wa Ladbroke Grove, mitaa ambayo mitambo mikubwa ya muziki ya Wajamaika ilitikisa madirisha. Kwa hiyo rege haikuwa ngeni kwao. Jambo jipya lilikuwa kuisikia kando ya panki, usiku mmoja, chumba kimoja. Tofauti ya miziki hiyo miwili ilijitokeza wazi, na tofauti hiyo ndiyo ikawa somo.

Panki ya mwanzo ilijaza kila nafasi. Ngoma zilikimbia, magitaa mawili yakapiga mfululizo, na besi ikafuata nyayo za gitaa kama mtoto anayemshika mama yake nguo. Rege ilijengwa kinyume chake. Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Katika mtindo unaojulikana zaidi wa miaka ile, pigo la kwanza, lile ambalo muziki wa roki hulitilia nguvu kuliko yote, huachwa tupu. Ngoma kubwa na ile ndogo huangukia pamoja kwenye la tatu. Gitaa la rizimu halipigi mfululizo. Linachapa kwa ufupi kwenye la pili na la nne, kisha linanyamaza. Katika nafasi hizo zote zilizoachwa, besi ndiyo inayotembea, na ndiyo inayobeba wimbo. Ukitaka kuikumbuka nyimbo ya rege, mara nyingi utajikuta unavumisha besi yake.

Dabu ilikwenda mbali zaidi. Katika miaka ya mwanzo ya 1970, fundi wa Kingston aliyeitwa King Tubby alichukua tepu za nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, ambazo kila ala ilikuwa na njia yake kwenye mikseri, akaanza kuzipunguza. Alishusha sauti ya mwimbaji, akaondoa gitaa, akabakiza ngoma na besi. Kisha akarudisha neno moja tu la mwimbaji na kulitupia kwenye mashine ya mwangwi. Mashine hiyo ilikuwa tepu inayozunguka: sauti hurekodiwa kwenye kichwa kimoja, na sehemu ndogo ya sekunde baadaye husomwa na kichwa cha pili. Ukiirudisha tena ile iliyosomwa kwenye kile cha kwanza, neno lile linajirudia na kujirudia mpaka linayeyuka. Kwa njia hiyo mikseri ikawa ala, na fundi akawa mwanamuziki. Alichokipiga kilikuwa kuondoa na kurudisha.

Waliokuwa wa kwanza kulijaribu somo hilo kwa ujasiri walikuwa The Clash. Mwaka 1976 wimbo wa Junior Murvin, Police and Thieves, uliotengenezwa na Lee Perry katika studio yake ya Black Ark huko Kingston, ulivuma sana London. Mwezi Agosti mwaka huo, Kanivali ya Notting Hill iliishia kwenye mapambano kati ya polisi na vijana weusi. Simonon na mwimbaji wa bendi, Joe Strummer, walikuwapo. Wimbo ule uliozungumzia polisi na wezi ulionekana kama uliandikwa kwa ajili ya siku ile. Albamu ya kwanza ya The Clash ilipotoka Aprili 1977, wimbo huo ulikuwamo, ukichukua kama dakika 6, wakati nyimbo nyingi nyingine za albamu hiyo ziliisha kwa dakika mbili hivi.

Usikilize kwa makini. Murvin aliimba kwa sauti nyembamba ya juu, inayoelea. Strummer hakujaribu kumwiga, akaimba kwa koo lake kavu. Magitaa nayo yaligawana kazi: moja linachapa palepale panapochapa rege, la pili linalikanyaga pigo lenyewe, kama panki. Hapo ndipo penye nguvu ya wimbo na penye kasoro yake. Una uzito, una hasira, lakini zile nafasi tupu za Black Ark zimejazwa. Mpiga ngoma anasukuma mbele pale ambapo mwenzake wa Kingston angeuachia wimbo upumue. Mavazi ni ya rege, mwendo bado ni wa panki. Bendi nyingi zilizowafuata ziliishia hapo: zilichukua lile chapo la gitaa na kudhani zimeichukua rege yote.

Ili nafasi zile zivuke bahari, alihitajika mtu aliyezijua kutoka ndani. Mtu huyo alikuwa Dennis Bovell. Alizaliwa Barbados mwaka 1953 na kuletwa London akiwa mtoto. Alipiga gitaa katika bendi ya Matumbi, na alikuwa na mitambo yake ya muziki iliyoitwa Jah Sufferer. Mwaka 1974 polisi waliivamia klabu ya Carib, kaskazini-magharibi mwa London, wakati mitambo hiyo ikipiga. Bovell alikamatwa, akahukumiwa, akakaa gerezani miezi 6 kabla ya mahakama ya rufaa kuifuta hukumu. Hili halisimuliwi vya kutosha. Panki iliimba sana kuhusu kuonewa na polisi; mwalimu wake wa muziki alikuwa amelipia jambo hilo kwa mwili wake.

Mwaka 1979 Bovell aliitwa kuwatengenezea albamu The Slits, kundi la wasichana. Ari Up, mwimbaji, alianza bendi akiwa na miaka 14. Viv Albertine alipiga gitaa na Tessa Pollitt besi. Kwenye ngoma alikuwapo kijana wa kiume, Budgie. Jukwaani walikuwa wamejulikana kwa vurugu: kila mmoja na kasi yake, nyimbo zikigonganana njiani. Walirekodi katika studio ya Ridge Farm, huko Surrey, na albamu yao, Cut, ikatoka Septemba mwaka huo.

Fundi mwingine angewanyoosha wasichana wale, akawalazimisha wapige sawasawa kama bendi za redioni. Bovell aliwafanyia kama dabu inavyoifanyia tepu: aliwapunguza. Kila sauti ilipewa mahali pake na hewa ya kuizunguka. Gitaa la Albertine, lililokuwa jembamba na lenye makali, halikufunikwa wala kunenepeshwa. Liliachwa lichape na kutoweka. Besi ya Pollitt ilipandishwa mbele ikawa nguzo. Sauti za wasichana zikaruka kutoka pembe hii hadi ile, zikijibizana. Yale yaliyosikika jukwaani kama makosa, sasa yalisikika kama mazungumzo.

Chukua wimbo mmoja, Newtown. Unawahusu watu wa miji mipya iliyojengwa Uingereza baada ya vita, na vitu wanavyovitegemea mpaka vikawatawala: televisheni, mpira, dawa za kulevya. Bovell hakuweka humo tarumbeta wala kinanda cha kifahari. Alirekodi kibiriti kinachotikiswa, njiti inayowashwa na kijiko kinachoanguka, akazipanga sauti hizo ndani ya rizimu kama ngoma ndogo. Anayejua vyombo vya mtumiaji wa dawa ataelewa mara moja kwa nini ni kijiko na kibiriti. Sauti hizo hazingesikika kabisa katika wimbo wa panki uliojaa pomoni. Zinasikika kwa sababu kuna kimya cha kuzipokea. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu; katika Newtown unausikia mshindo wenyewe.

Mwaka uleule, njia nyingine ilimfikisha John Lydon mahali palepale. Akiwa bado mwimbaji wa Sex Pistols, alialikwa Julai 1977 katika kipindi cha Capital Radio achague muziki aupendao, na miongoni mwa alizochagua zilikuwamo santuri za rege. Bendi ilipovunjika Januari 1978, alisafiri kwenda Jamaika pamoja na Don Letts. Bendi yake mpya, Public Image Ltd, aliikabidhi besi kwa rafiki yake Jah Wobble, kijana wa mashariki ya London ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza ala hiyo. Wobble alirudia mistari mifupi, mizito, dakika baada ya dakika, huku gitaa la Keith Levene likikwaruza juu yake.

Bendi hiyo iligundua tatizo ambalo mafundi wa Jamaika walikwishalijua: besi inahitaji nafasi hata kwenye santuri yenyewe. Sauti nzito huchonga mfereji mpana. Ukibana muziki wa dakika nyingi upande mmoja wa albamu ya kawaida, inabidi mifereji isogeleane, na besi ipunguzwe ili isiingie kwenye mfereji wa jirani. Kwa hiyo Metal Box, iliyotoka Novemba 1979, haikutolewa kwa santuri moja. Ziligawanywa santuri tatu za inchi 12 zinazozunguka mara 45 kwa dakika, zikatiwa ndani ya kopo la chuma la kuwekea filamu. Watu walilikumbuka kopo. Sababu ya kusikiliza ilikuwa mifereji.

Hivyo ndivyo mambo yalivyovuka. Gitaa la rege ni rahisi kuliiga. Mpigaji mzuri analipata kwa mchana mmoja. Kilichobadilisha muziki wa Uingereza ni besi kupewa uongozi, fundi kupewa haki ya kuondoa, na mpigaji kukubali kutopiga.

Ukitaka kulipima hili mwenyewe, usianze na vitabu. Tafuta spika yenye besi ya kutosha, kwani simu haitakuonyesha kitu. Piga Police and Thieves ya Murvin, kisha ya The Clash, kisha Newtown. Katika kila wimbo sikiliza jambo moja tu: kile kinachotokea pale ambapo hakuna mtu anayepiga. Na ukifika kwenye kibiriti na kijiko, likumbuke jina la Dennis Bovell, kwa sababu ndiye aliyewaachia nafasi.