Posti Tisa kwa Dakika Moja

Umeme ulikatika saa mbili asubuhi, ukarudi saa nane mchana. Tuchukulie ni duka la vitenge Kariakoo, lenye kompyuta moja nyuma ya kaunta inayorusha posti za ukurasa wa duka zenyewe, kwa saa zilizopangwa tangu jana yake. Kompyuta ilipowaka, programu iliangalia foleni, ikakuta posti tisa zimepitwa na wakati, ikazituma zote. Ndani ya dakika moja wafuasi wa duka wakapata picha tisa za vitenge mfululizo, moja ikiwaalika waje mapema kabla ya saa sita. Saa yenyewe ilikuwa nane.

Hakuna aliyekosea kubonyeza. Programu ilifanya ilivyoandikwa: kila dakika tafuta posti ambazo saa yake imefika, kisha tuma. Siku umeme ukiwepo sharti hilo halina shida, kwa kuwa posti hufika mojamoja. Likikutana na foleni iliyorundikana, linafungulia bomba. Na mitandao inayowinda akaunti za taka hutazama sana jambo hilohilo, yaani akaunti iliyokaa kimya halafu ghafla ikamwaga vitu vingi vinavyofanana.

Mitandao yenyewe ina vikomo vyake. Kwa miaka mingi Twitter, ambayo leo ni X, ilikuwa na kikomo cha posti 2,400 kwa siku, kikagawanywa tena katika vipande vya nusu saa ili mtu asimalize zote kwa mkupuo. Instagramu ilipofungua mlango wa programu kutuma picha moja kwa moja, ilianza na posti 25 kwa saa 24, baadaye ikapandisha. Mwenye duka akisoma namba hizo atajiona yuko salama, maana yeye ana posti chache tu. Lakini kikomo hicho ni ukuta wa mwisho. Akaunti inaweza kutiliwa shaka mapema kabla ya kuufikia, na mitandao haitangazi shaka hiyo inaanzia wapi. Ndiyo maana kipanga-posti kizuri hubeba kikomo chake cha ndani, kilicho chini kabisa ya kile cha mtandao. Kwa duka letu tuseme posti 12 kwa siku, na dakika 45 kati ya moja na nyingine.

Neno “siku” ndilo linalowaponza wengi. Njia rahisi ni kuweka kihesabio kinachorudi sifuri usiku wa manane. Sasa mtu atume posti 12 kati ya saa tatu na saa sita kasoro usiku, kisha 12 nyingine baada ya saa sita. Kihesabio kitasema siku mbili zimeheshimiwa, ilhali zimetoka posti 24 katika usiku mmoja. Isitoshe, seva nyingi hufuata saa ya UTC, iliyo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, kwa hiyo “usiku wa manane” wa seva huangukia saa tisa alfajiri Dar es Salaam. (Nani hajawahi kuandika saa 2 akimaanisha asubuhi, posti ikatoka saa nane usiku?)

Kinachofaa ni dirisha linalotembea. Kila programu inapotaka kutuma, inageuka nyuma saa 24 kamili kuanzia dakika ile na kuhesabu. Instagramu nayo huhesabu hivyo. Kwa hifadhidata ya PostgreSQL swali lake ni fupi:

```sql
SELECT COUNT(*), MAX(posted_at), MIN(posted_at)
FROM posts
WHERE account_id = 7
  AND posted_at > NOW() - INTERVAL '24 hours';
```

Jibu la kwanza ni idadi, la pili ni saa ya posti ya mwisho, la tatu ni saa ya ile kongwe. Kutokana nayo programu hutafuta saa ya mapema kabisa inayoruhusiwa. Posti haitoki kabla ya saa iliyopangiwa, wala kabla ya dakika 45 kupita tangu ile ya mwisho. Kama zimeshatimia 12, inasubiri hadi ile kongwe kati ya hizo 12 itimize saa 24. Saa iliyo mbele kuliko zote ndiyo inayofuatwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba majibu haya yanatoka kwenye hifadhidata. Programu ikiyaweka kwenye kumbukumbu yake ya muda, umeme ukikatika inasahau kila kitu, na ikiamka inajiona haijawahi kutuma chochote.

Turudi Kariakoo, saa nane mchana, foleni ikiwa na tisa. Kabla ya kugusa nafasi za dakika 45, kipanga-posti kinauliza kama posti bado ina maana. Kila posti iwe na saa ya kuchacha, ambayo mwenye duka anaiweka anapoandika. Tatu zilikuwa za asubuhi tu, ikiwemo ile ya kabla ya saa sita. Hizo zinawekwa kando na mwenye duka anaarifiwa, azitupe au aziandike upya. Zinabaki sita, na alasiri ilikuwa na zake tatu. Jumla ni tisa tena, ila safari hii zinatoka saa 8:00, 8:45, 9:30, 10:15, na kuendelea hivyo hadi ya mwisho saa 2:00 usiku. Pamoja na moja iliyowahi kutoka saa moja na nusu asubuhi, posti za siku hiyo ni 10, chini ya 12. Hapa kilichookoa duka ni nafasi kati ya posti, maana kikomo cha siku hakikuguswa.

Shida nyingine huja biashara inapokua na programu ikaendeshwa na vibarua wawili wa kompyuta kwa pamoja. Wote wanauliza kwa sekunde ileile, wote wanajibiwa kuwa dakika 45 zimepita, wote wanatuma. Dawa yake ni kufunga safu ya akaunti hiyo kwa `SELECT ... FOR UPDATE` kabla ya kuuliza, ili wa pili asubiri wa kwanza amalize. Posti nayo iandikwe kuwa “inatumwa” kabla haijaondoka. Mtandao ukikatika katikati, huenda posti imefika ila jibu limepotea njiani; programu isiyokumbuka kwamba ilishajaribu itaituma mara ya pili, na posti pacha ni alama nyingine ya taka.

Dalili za kukorofishana na mtandao huonekana kwenye kumbukumbu za programu. Jibu `429` maana yake ni kwamba maombi yamezidi, na huweza kuja na `Retry-After`, inayosema usubiri kiasi gani. Programu iitii, na wakati huo isibishe hodi hata mara moja. Jibu `403` ni kesi nyingine: mtandao umekataa kitendo chenyewe, kwa hiyo foleni ya akaunti hiyo isimame hadi mtu asome maelezo yaliyoambatana nalo.

Yote haya hayamsaidii mwenye akaunti kumi zinazorusha maneno yaleyale. Februari 2018 Twitter ilikataza waziwazi kutuma ujumbe mmoja, au unaokaribiana nao, kupitia akaunti nyingi kwa mpigo, na programu za kupanga posti zikalazimika kuondoa uwezo wa kutuma kwa akaunti nyingi kwa pamoja. Kuachanisha dakika 45 kati ya nakala na nakala hakuzigeuzi kuwa posti tofauti. Kwa duka lenye ukurasa mmoja, hata hivyo, kazi iliyobaki ni ndogo: kuzima kompyuta makusudi asubuhi moja, kuiwasha mchana, na kutazama foleni inavyotoka.