Kuuza Ankara Kabla ya Muda Wake: Hukumu Yake na Njia Zilizo Halali

Kila sifa njema ni ya Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Suala tunalolieleza hapa limeenea sana katika biashara za siku hizi, na maimamu wengi wanaulizwa juu yake. Mfanyabiashara mdogo anauza mali kwa kampuni kubwa. Mali inapokewa, ankara inagongwa muhuri, lakini fedha hazitolewi ila baada ya miezi mitatu. Katikati ya muda huo anatokea mtu au taasisi na kumwambia: "Nipe ankara yako, nami nitakupa fedha leo." Je, inafaa?

Sura ya suala

Hukumu ya jambo ni tawi la kulielewa, kwa hiyo tuanze kwa mfano. Tuchukulie muuzaji wa mbuzi wa Malambo, kata ya wafugaji katika wilaya ya Ngorongoro. Anawauzia mbuzi wenye hoteli za watalii upande wa Karatu. Mwezi huu amepeleka mbuzi 40 kwa shilingi 120,000 kila mmoja, na ankara yake ni shilingi 4,800,000, italipwa baada ya siku 90. Hoteli inataka muda huo kwa sababu nayo inasubiri kulipwa na mawakala wa safari.

Yeye aliwanunua mbuzi hao kwa wafugaji kwa shilingi 100,000 kila mmoja, yaani 4,000,000, na usafiri na vibali vikamgharimu 300,000. Faida yake ni 500,000. Lakini mfugaji hauzi kwa ahadi, anataka fedha mkononi. Bila mtaji wa 4,000,000 muuzaji wetu hawezi kununua mbuzi wa mwezi ujao, na hoteli itatafuta mwingine.

Mwenye fedha anampa asilimia 80 ya ankara, yaani 3,840,000, na anatoza asilimia 3 ya fedha hizo kwa kila mwezi, yaani 115,200. Siku ya 90 hoteli inamlipa mwenye fedha 4,800,000. Yeye anakata 3,840,000 zake pamoja na ada ya miezi mitatu, 345,600, kisha anamrudishia muuzaji 614,400 zilizobaki. Katika faida ya 500,000, muuzaji amebakiwa na 154,400.

Na hiyo ni pale hoteli inapolipa kwa wakati. Ikichelewa mwezi mmoja, faida inashuka hadi 39,200. Ikichelewa miezi miwili, ada inafika 576,000, na muuzaji amepata hasara ya 76,000 juu ya mali aliyoiuza vizuri. Aliyechelewesha ni hoteli, lakini anayeadhibiwa ni yeye.

Ni mkopo au ni mauzo?

Ili kuijua hukumu, uliza swali moja: hoteli isipolipa kabisa, hasara ni ya nani? Jibu hulipati katika kichwa cha mkataba. Linapatikana katika vifungu vya chini, penye maneno kwamba muuzaji "atawajibika kurejesha" fedha pindi mteja akishindwa.

Ikiwa muuzaji ndiye atakayerejesha, basi huu ni mkopo. Amekopeshwa 3,840,000 na anatakiwa kurudisha zaidi, na ziada inakua kadiri muda unavyokua. Kuiita "ada" au "gharama za huduma" hakubadilishi kitu. Alama ya kuitambua ni rahisi: ujira wa kazi haupandi kwa kuwa mwezi mwingine umepita hali hakuna kazi mpya iliyofanywa. Kinachopanda kwa kupita siku ni riba.

Ikiwa hasara ni ya mwenye fedha, basi hapa deni lenyewe limeuzwa. Wengine hudhani kwamba hapo tatizo limekwisha, kwa kuwa mnunuzi amebeba hatari. Lakini deni hilo ni shilingi, na bei yake pia ni shilingi. Aliyetoa shilingi chache leo ili apate shilingi nyingi baada ya miezi mitatu amekusanya mambo mawili yanayokatazwa katika Hadithi ya Ubada bin Samit (r.a.) kuhusu dhahabu kwa dhahabu na fedha kwa fedha: ziada, na kuchelewesha makabidhiano. Wapo wanazuoni wa Kishafi'i walioruhusu deni kuuzwa kwa mtu wa tatu, lakini hata wao hawaondoi masharti ya riba: jinsi moja kwa jinsi hiyo hiyo lazima iwe sawa kwa sawa na mkono kwa mkono.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha saba kilichofanyika Jeddah mwezi wa Mei 1992, liliamua kwamba kupunguza thamani ya hati za kibiashara kwa njia hii hakufai kisheria, kwa kuwa kunaishia katika riba ya kuchelewesha. Ni kweli kwamba baadhi ya wanazuoni wa Malaysia waliruhusu uuzaji wa madeni katika masoko yao ya fedha, lakini rai hiyo haikukubaliwa na walio wengi.

Biashara ya hati zinazoahidi malipo ya baadaye si ngeni. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba zama za Marwan bin al-Hakam watu walipewa hati za chakula cha kuchukuliwa bandari ya al-Jar, wakaanza kuuziana hati hizo kabla ya kukipokea chakula. Zayd bin Thabit (r.a.) na sahaba mwingine wakamwendea Marwan kumkemea, naye akawatuma walinzi wazikusanye hati na kuzirudisha kwa wenyewe. Kosa la pale lilikuwa kuuza chakula kabla ya kukikabidhiwa, kwa hiyo si suala letu hasa. Lakini linaonyesha kwamba masahaba waliitazama hati kwa kile kilichomo ndani yake.

Njia ya kwanza: kupunguza ili kulipwa mapema

Sheria haikumwacha muuzaji huyu bila mlango. Wa kwanza uko kwa mdaiwa mwenyewe. Muuzaji anaiendea hoteli na kusema: "Nilipeni leo, nami nawasamehe sehemu." Wanazuoni wanaiita dha' wa ta'ajjal, yaani punguza na uharakishiwe. Masahaba walitofautiana juu yake: Ibn Abbas (r.a.) aliiruhusu, na Zayd bin Thabit na Ibn Umar (r.a.) waliichukia. Madhehebu manne kwa jumla yanaikataza ikiwekwa kuwa sharti, na Ibn Taymiyya na Ibn al-Qayyim waliiruhusu. Katika kikao kile cha 1992 Baraza liliikubali kwa mipaka miwili: isiwe imeafikiwa tangu mwanzo, na iwe baina ya mdai na mdaiwa tu. Akiingia mtu wa tatu, hukumu inarudi kuwa ile ya kuuza hati.

Kusamehe sehemu ya deni kuna asili thabiti. Ka'b bin Malik (r.a.) alipomdai Ibn Abi Hadrad (r.a.) msikitini hadi sauti zao zikapanda, Mtume (s.a.w.) alimwashiria Ka'b asamehe nusu, kisha akamwamrisha mdaiwa ainuke alipe.

Turudi kwenye hesabu. Muuzaji akisamehe asilimia 4, yaani 192,000, anapokea 4,608,000 na faida yake ni 308,000. Hiyo ni karibu mara mbili ya ile aliyobakiwa nayo kwa mwenye fedha. Lakini asiandike katika ankara "mkilipa ndani ya wiki mtapunguziwa", kwani hilo ndilo sharti lililokatazwa. Akitaka mambo yajulikane mapema, ataje bei mbili kabla ya kuuza: 115,000 taslimu, au 120,000 kwa siku 90, na hoteli ichague moja kabla ya kuachana. Ikishachaguliwa, bei haigeuki.

Njia ya pili: salam

Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana kabla kwa ajili ya tende za mwaka na miaka miwili, akawataka iwe kwa kipimo kinachojulikana na muda unaojulikana. Hii ndiyo salam: hoteli inalipa leo, mbuzi wanakuja baadaye, na kwa kuwa imelipa mapema inapata bei nafuu, tuseme 112,000.

Katika madhehebu ya Shafi'i salam ya wanyama inafaa, tofauti na Mahanafi. Bei yote italipwa katika kikao kile kile cha mkataba, wala haisemwi "nusu sasa, nusu wakifika". Mbuzi wataelezwa kwa aina, jinsia, umri na ukubwa, pamoja na siku na mahali pa kukabidhiwa. Na wasifungwe kwenye zizi la fulani. Ukame kama ule wa 2009 ulipoua mifugo mingi katika nchi ya Wamasai, mwenye kuahidi mbuzi wa boma moja asingepata cha kukabidhi. Aahidi mbuzi wa sifa ile, popote atakapowapata.

Njia ya tatu: murabaha na hawala

Ikiwa hoteli haitaki kulipa mapema kwa sura yoyote, muuzaji amwendee mwenye mtaji, awe tajiri wa mjini au benki inayofuata sheria ya Kiislamu, kwa ajili ya mbuzi wa mwezi ujao, si kwa ajili ya ankara. Mwenye mtaji ananunua mbuzi 40 kwa 4,000,000, anawakabidhiwa, kisha anamuuzia muuzaji kwa 4,300,000 za kulipwa siku ile ile ankara ya hoteli itakapoiva. Siku hiyo muuzaji anamhawilisha kwa hoteli achukue huko 4,300,000. Hawala hiyo ni sahihi, kwa kuwa madeni mawili yamelingana kwa jinsi, kiasi na muda.

Tofauti na ile ya mwanzo ni kwamba gharama ni 300,000 na haiongezeki hata shilingi hoteli ikichelewa. Aidha, kwa Mashafi'i hawala ikishatimia muuzaji ameshatoka katika deni, na aliyehawilishwa hamrudii hata hoteli ikifilisika. Kwa hiyo mwenye mtaji aichunguze hoteli kabla ya kukubali. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalipowazuia watalii, hoteli nyingi zilizokuwa zikilipa vizuri zilikosa cha kulipa.

Mahali pa kuharibikia ni pamoja: mwenye mtaji anapompa muuzaji fedha mkononi na kusema "nenda ukajinunulie", bila mbuzi kuingia katika miliki yake hata saa moja. Hapo hakuna mauzo, kuna 4,000,000 kwa 4,300,000. Imamu akiulizwa aulize: mbuzi mmoja angekufa kabla ya kuuzwa mara ya pili, angekuwa amekufa kwa nani? Kama jibu ni "kwa muuzaji", mkataba ni jina tu.

Neno kwa wanaochelewesha

Waislamu wenye hoteli na makampuni wasidhani kwamba suala hili ni la muuzaji peke yake. Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa kuchelewesha kwa mwenye uwezo ni dhulma. Muda wa siku 90 ulioafikiwa ni haki ya mnunuzi. Siku ya 91, fedha zikiwa zipo, si haki yake tena, na muuzaji mdogo aliyekimbilia riba kwa sababu hiyo ana mwenzake katika dhambi. Ama mdaiwa aliyekwama kweli, Qur'ani katika Suratul Baqara aya ya 280 imeamrisha apewe muda mpaka atakapopata wasaa.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.