Wiki arobaini hadi Novemba: namna ya kudumu katika maandalizi ya kurudia mtihani

Kila Januari, matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, kuna vijana wanaobaki na hesabu moja tu kichwani: C ngapi? Mtu anayetaka kuendelea na kidato cha tano anahitaji C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu. Aliyepata mbili amekwama mlangoni. Njia iliyobaki ni kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea na kurudia somo Novemba, mbele ya Baraza la Mitihani la Tanzania.

Kati ya Februari na Novemba kuna wiki arobaini hivi. Kwa kijana aliyeko Pemba, hizo ni wiki bila kengele ya shule, bila mwalimu wa zamu, na zenye kazi za nyumbani tele. Wengi huanza kwa nguvu wakati wa kujisajili, hupoa masika yakianza, kisha hushtuka Oktoba. Tatizo la wengi wao si uvivu. Wamejiwekea lengo moja lililo mbali mno, na hawana kitu cha kuwaonyesha kama wanalikaribia.

Tuchukue mfano wa binti wa kufikirika anayekaa Wete. Ana C ya Kiswahili na C ya Uraia, na masomo mengine ana D. Ameamua kurudia Hisabati. Tumfuate hatua kwa hatua.

Kwanza, ajue umbali

Katika mtihani wa kidato cha nne, D ni alama 30 hadi 44, na C inaanzia 45. Cheti hakisemi kama alipata 31 au 43, na tofauti hiyo ni kubwa. Kwa hiyo wiki ya kwanza hasomi kitu kipya. Anachukua mtihani mmoja uliopita, anakaa saa tatu bila daftari, kisha anaomba mwalimu amsahihishie. Tuseme anapata 33. Sasa anajua kwamba anahitaji alama 12.

Hatua ya pili ni kuangalia alama hizo zinatoka wapi. Mtihani wa Hisabati una maswali 14. Sehemu A ina maswali kumi ya alama sita sita, jumla 60. Sehemu B ina maswali manne ya alama kumi kumi, jumla 40. Akifanya vizuri maswali sita ya sehemu A atapata 36. Akiongeza alama tisa kutoka swali moja la sehemu B atafika 45. Hivyo hahitaji kuijua silabasi nzima kwa kiwango kimoja. Anaorodhesha maeneo 12 ambayo yuko karibu kuyaweza, kama vile seti, takwimu, uwezekano, uwiano, logi na milinganyo, na kila eneo analipa wiki mbili. Hizo ni wiki 24. Wiki sita anaziacha wazi, na wiki kumi za mwisho anaziwekea mitihani iliyopita. Jumla ni arobaini.

Lengo la wiki liwe kitu kinachohesabika

Mwaka 1981 wanasaikolojia Albert Bandura na Dale Schunk walichapisha utafiti uliofanywa Marekani kwa watoto waliokuwa dhaifu katika kutoa namba. Watoto walipewa kurasa 42 za mazoezi, za kufanywa katika vipindi saba. Kundi moja lilishauriwa lilenge angalau kurasa sita kila kipindi. Kundi la pili lilishauriwa lilenge kumaliza zote 42 mwisho wa vipindi saba. Kundi la tatu halikutajiwa lengo lolote.

Kazi ilikuwa ile ile na muda ule ule. Hata hivyo kundi la kurasa sita ndilo lililofanya vizuri zaidi kwenye jaribio, likajiamini zaidi, na baadaye likachagua lenyewe kuendelea na hesabu za kutoa bila kusukumwa. Wale wenye lengo la mbali hawakuwa na nafuu ya maana kuliko wasiokuwa na lengo. Sababu inaeleweka. Mtoto aliyemaliza kurasa sita leo amepata uthibitisho leo kwamba anaweza. Mwenye 42 mbele yake, hata baada ya kazi nzuri ya siku nzima, bado anaona mlima.

Binti yetu basi haandiki "wiki hii nitasoma takwimu". Sentensi hiyo haina mwisho, na Jumamosi hawezi kujua kama ameitimiza. Anaandika: "Wiki hii nitafanya maswali 12 ya takwimu, bila kufungua daftari." Maswali mawili kwa siku, Jumatatu hadi Jumamosi. Kusudi ni kwamba hata siku ya kuchota maji, kwenda shamba na kumwangalia mdogo wake, maswali mawili yawezekane. Hahesabu saa, kwa sababu saa mbili mbele ya kitabu kilichofunguliwa zinaweza kupita bila swali hata moja kufanywa.

Chati ya mistari miwili

Anachukua karatasi ya manila, anachora vyumba 40, na kuibandika ukutani mahali ambapo watu wa nyumbani wanapita. Wiki ikitimia, anapiga mstari mmoja wa mshazari ndani ya chumba. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo chati inapoanza kuwadanganya. Mstari huo unasema tu kwamba alijifunza. Kama bado anakumbuka, chati haisemi.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na mwaka 1885 akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tunachokariri hupotea mapema, katika saa na siku za mwanzo, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku hukifanya kidumu zaidi. Kwa hiyo chati yenye mistari 20 ya Juni inaweza kuwa ya mtu aliyesahau wiki kumi za mwanzo. Anajiona amefika mbali, kumbe anamwaga maji kwenye mtungi uliotoboka.

Dawa yake ni mstari wa pili. Kila Jumamosi, baada ya maswali ya wiki, anachagua maswali matano ya mada aliyoisoma wiki nne zilizopita na kuyafanya bila daftari. Akipata manne au matano, anarudi kwenye chumba kile cha zamani na kupiga mstari wa pili, unaokata ule wa kwanza. Chumba kinakuwa na msalaba. Akipata pungufu, chumba kinabaki na mstari mmoja, na mada hiyo inarudi kwenye foleni.

Sasa chati inasomeka kwa jicho moja. Misalaba ikifuata mistari kwa umbali wa wiki nne, kazi inakwenda. Mistari ikiwa mingi na misalaba michache, anakimbia kuliko anavyoshika. Vyumba vitatu vya mstari mmoja vikifuatana, asimame. Wiki inayofuata isiwe na mada mpya. Itumike kurudia hizo tatu, kwenye mojawapo ya zile wiki sita zilizoachwa wazi.

Wiki zitakazopotea

Homa huja, mgeni huja, msiba huja. Na Pemba kuna karafuu. Mavuno yanapoanza, mara nyingi kuanzia Julai, nyumba nzima huingia shambani, na jioni kazi huwa ni kuchambua. Kupanga wiki za Julai na Agosti kana kwamba karafuu hazipo ni kujitafutia kushindwa. Ndiyo sababu nyingi za wiki sita za wazi anaziweka hapo tangu Februari.

Jambo linalovunja watu wengi zaidi ni deni. Mtu amekosa wiki moja, akaapa wiki inayofuata kufanya maswali 24. Akafanya 15. Hayo 15 yalikuwa zaidi ya lengo la kawaida, lakini yeye anajiona ameshindwa mara mbili. Wiki ya tatu deni ni kubwa zaidi, na ya nne haiangalii chati kabisa. Kanuni iwe hii: wiki iliyopotea haibebwi. Chumba chake kinaachwa kitupu, mada yake inahamia kwenye wiki ya wazi, na wiki mpya inaanza na 12 zile zile. Wiki mbili zikipotea mfululizo bila ugonjwa wala msiba, lengo lenyewe ni kubwa kwa maisha yake ya sasa, na lishushwe hadi maswali manane. Manane yanayofanyika kila wiki yanafika mbali kuliko 12 yanayofanyika wiki moja kati ya tatu.

Husaidia pia kuwe na mtu mwingine anayeiona. Kwa Mkatoliki, Jumapili inafunga wiki vizuri: baada ya Misa anamwonyesha katekista, au mwenzake wa jumuiya, karatasi za maswali, naye anatia saini pembeni ya chumba. Jirani yake Mwislamu anayerudia mtihani huo huo anaweza kufunga wiki yake Ijumaa. Shahidi hahitaji kujua Hisabati. Kazi yake ni kuona karatasi na kuuliza kwa nini chumba cha wiki jana ni kitupu, bila kugomba.

Wiki kumi za mwisho

Kuanzia Septemba kipimo kinabadilika. Kila wiki ni mtihani mmoja uliopita, saa tatu, na masahihisho. Chini ya chati anachora mstari mwekundu kwenye 45, kisha kila wiki anaweka nukta ya alama alizopata. Nukta zitapanda na kushuka: 36, 41, 38, 44. Kushuka mara moja hakumaanishi kitu, kwa sababu mitihani haifanani kwa ugumu. Aangalie nukta tatu tatu. Ikiwa wastani wa tatu za mwisho haupandi, tatizo halipo kwenye idadi ya maswali. Kuna jambo ambalo hajalielewa, na kulirudia peke yake kutalifanya kosa lile lile lizoeleke. Hapo anahitaji mwalimu wa kukaa naye saa moja juu ya maswali anayoyakosa kila mara.

Na huo ndio mpaka wa chati. Haifundishi, na haimsajili mtu: aliyepitwa na usajili wa mwanzo wa mwaka hata awe na misalaba arobaini hataingia chumba cha mtihani. Inachofanya ni kumwambia kijana, kila Jumapili, alipo. Binti anayeona kwamba ametoka 33 hadi 44 hahitaji kubembelezwa afanye wiki nyingine. Anaona mwenyewe kwamba imebaki alama moja.