Nani Amsikilizaye Mtoto Akisoma?

Mwezi wa Januari 2003 serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki ilifuta karo katika skuli za msingi za umma. Mwaka uliotangulia, watoto waliokuwa katika skuli za msingi nchini walikuwa kiasi cha milioni 5.9, mwaka huo walifika kiasi cha milioni 7.2. Waliokuja hawakuwa wa miaka sita peke yao. Walikuwamo mabinti wa miaka kumi na zaidi waliokuwa wamebakishwa nyumbani kulea wadogo zao, na wavulana waliokwisha kuzoea kutafuta riziki. Kwa hiyo hatuko pamoja na wale wasemao kwamba heri karo ingerudi. Karo ikirudi, wa kwanza kubakishwa nyumbani ni binti.

Lakini ni wajibu wetu wazazi kuuliza watoto hao wote walipoingia walikuta nini, na hapa pana jambo lisilotazamwa vya kutosha. Fedha zililetwa, na vitabu vikanunuliwa. Walimu hawakuongezwa kwa kadiri hiyo.

Tuanze na fedha. Serikali ilipanga kutoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Ziligawanywa katika akaunti mbili za skuli: shilingi 650 za vitabu, madaftari, chaki na vifaa vingine vya kusomeshea, na shilingi 370 za matengenezo, maji, umeme, mshahara wa bawabu na mengineyo. Tuchukue skuli yenye watoto 800. Kwa mpango huo ingepata shilingi 816,000 kwa mwaka. Kati ya hizo 520,000 ni za vifaa vya masomo, na 296,000 ni za shughuli nyingine zote. Kwa fedha hizo za pili choo kitazibuliwa na dirisha litatiwa kioo, lakini darasa jipya halijengeki. Kuhusu vitabu, lengo lilikuwa kitabu kimoja kwa watoto watatu katika madarasa ya chini, na kimoja kwa wawili katika madarasa ya juu. Palipofikiwa lengo hilo palikuwa na nafuu kubwa, kwani hapo kabla kitabu kilikuwa mzigo wa mzazi.

Ama walimu, tangu 1998 serikali ilikuwa imesimamisha kuajiri wapya, isipokuwa kujaza nafasi za waliostaafu, waliofariki au walioacha kazi. Basi watoto zaidi ya milioni moja waliingia madarasani huku idadi ya walimu ikibaki karibu pale pale. Darasa la kwanza ndilo lililofurika zaidi, na darasa hilo ndilo la kufunzia kusoma. Tena elimu ya bure haikugusa skuli za chekechea. Baadhi ya wazazi waliona ni hasara kulipia chekechea ilhali darasa la kwanza halilipiwi, wakamngoja mtoto atimize miaka sita. Akafika hajawahi kushika kalamu, akawekwa pamoja na aliyekwisha kuzijua herufi.

Tufanye hesabu ya saa ya mwalimu. Kipindi cha madarasa ya chini kilikuwa cha dakika thelathini. Mwalimu akitaka kumsikiliza kila mtoto akisoma kwa dakika tatu tu, ataweza kuwasikiliza wanane katika kipindi kimoja, ukitoa muda wa kubadilishana. Darasa la watoto arobaini litamalizika kwa siku tano, na katika muhula wa wiki kumi na tatu kila mtoto atakuwa amesikilizwa mara kumi na tatu. Darasa la tisini halimaliziki hata katika wiki mbili za masomo. Muhula mzima mtoto atasikilizwa mara tano au sita, na hapo ni kama mwalimu hakuugua wala hakuitwa mkutanoni. Kusahihisha nako ni vivyo hivyo. Madaftari tisini, kwa dakika moja kila moja, ni saa moja na nusu kwa somo moja.

Mwalimu aliyezidiwa hivyo hufanya linalowezekana: darasa zima husoma kwa sauti moja. Mlio huo ukisikika kutoka nje hupendeza, lakini humo ndani mtoto asiyejua neno hata moja hupata mahali pazuri pa kujificha. Huifuata sauti ya wenzake, na baada ya wiki mbili amehifadhi ukurasa mzima.

Sisi watu wa mwambao tuna mfano wa njia nyingine, nao uko chuoni. Maalim huwa na wanafunzi wa kila kiwango katika chumba kimoja, lakini kila mmoja huja mbele na darasa lake mwenyewe, akasoma, akasahihishwa, akarudi. Aliye katika herufi hasukumwi aruke kwa sababu mwenzake wa umri mmoja amefika mbali. Hatusemi kwamba kila chuo ni bora. Vingine vimejaa kama skuli, na kuhifadhi bila kusoma kupo huko pia. Tunachokisema ni kwamba kumpanga mtoto kwa anachokijua, badala ya umri wake, si jambo geni kwetu.

Nalo limepata ushahidi wa kitaalamu hapa hapa Kenya. Mwaka 2005 wataalamu wa uchumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walianza jaribio katika skuli zaidi ya mia moja za magharibi mwa nchi, ambako darasa la kwanza lilikuwa na watoto zaidi ya themanini kwa wastani. Kila skuli iliongezewa mwalimu wa mkataba, na darasa likagawanywa mara mbili. Mtu angedhani kwamba kupungua kwa watoto pekee kungetosha. Haikuwa hivyo: watoto waliobaki na mwalimu wao wa zamani katika darasa dogo walipata faida ndogo mno. Lakini palipogawanywa kwa kiwango, waliojua kidogo huku na waliojua zaidi kule, watoto wa pande zote mbili waliendelea zaidi, hata wale wa chini. Mwalimu aliweza kuanzia pale walipokuwa watoto, badala ya kukifuata kitabu.

Mzazi hahitaji kungoja mtihani ili ajue. Tathmini za Uwezo, zilizoanza nchini mwaka 2009, ziliwafuata watoto majumbani na kuwapima kwa hatua nne: herufi, maneno, aya fupi, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Zilionyesha kwamba katika kila watoto kumi wa darasa la tatu, ni kama watatu tu walioweza kuisoma hadithi hiyo. Jaribio kama hilo lafanyika jikoni. Usimpe mtoto kitabu chake, kwani huenda amekihifadhi. Mpe karatasi asiyoijua, hata pakiti ya unga. Mwonyeshe neno la katikati kabla ya la mwanzo. Mama asiyejua kusoma aweza kumwita mtoto mkubwa wa jirani akae naye asikilize. Akikwama katika herufi na yuko darasa la tatu, basi kitabu cha darasa la tatu hakimfai kwa sasa, na kumnunulia kingine cha kiwango hicho hicho ni kupoteza fedha. Arudi kwenye silabi, dakika kumi kila jioni, akisoma peke yake na kusikilizwa.

Na katika mkutano wa wazazi, baada ya kuyasoma mapato na matumizi yaliyobandikwa ubaoni, yafaa mtu asimame aulize: katika darasa la kwanza na la pili, watoto wetu wamegawanywa katika mikondo kwa utaratibu gani, na ni lini mara ya mwisho kila mmoja wao aliposomeshwa peke yake mbele ya mwalimu?