Mtego Uliomo Ndani ya Nahau

Katika swali la kuoanisha, Orodha A huwa na nahau za Kiingereza na Orodha B huwa na maana zake. Mwanafunzi anaandika tu herufi mbele ya namba. Swali linaonekana jepesi kwa sababu jibu limeshaandikwa hapohapo, lakini mtunzi anayejua kazi yake huchomeka katika Orodha B maana moja au mbili zisizo na mwenzake. Mitego hiyo haitoki mbali. Huitunga kwa maneno ya nahau yenyewe.

Tuchukue nahau tano: "spill the beans", "under the weather", "get cold feet", "turn a blind eye" na "see eye to eye". Maana ziko saba: kukutana ana kwa ana, kutoboa siri, kunyeshewa na mvua, kukubaliana, kutojisikia vizuri, kuingiwa na woga dakika za mwisho, na kujifanya huoni.

Mvua imewekwa kwa ajili ya yule aliyeona neno la hali ya hewa katika nahau ya pili akaridhika. Mtego huu si mkali sana. Mwanafunzi akijua kwamba "beans" za nahau ya kwanza hazihusiani na maharage, atashuku na mvua pia, na atabaki na ugonjwa mdogo, ambao ndio jibu.

Hatari kubwa iko kwenye nahau ya tano. Ndani yake kuna jicho kwa jicho, nasi tuna usemi wetu wa kuonana ana kwa ana, basi mkono unakimbilia hapo wenyewe. Kinachonasa ni kwamba maana hiyo inaingia akilini na inafanana na Kiswahili tulichozoea. Kumbe nahau inamaanisha kukubaliana. Njia ya kuhakiki ni kuitia katika sentensi. Tuseme ndugu wawili wanaolala chumba kimoja "don't see eye to eye" kuhusu kuuza shamba. Ukiweka "hawakutani ana kwa ana", sentensi inavunjika, kwa kuwa wanakutana kila usiku. Ukiweka "hawakubaliani", inasimama.

Nisieleweke vibaya: Kiswahili si adui katika zoezi hili. "Turn a blind eye" ina ndugu yake kamili, kufumbia macho, na anayekumbuka usemi huo amepata alama bila jasho. Ila undugu huo hauaminiki mpaka upimwe. Kwetu aliyevunjika moyo amekata tamaa, pengine baada ya kufeli mtihani. Kwa Kiingereza "break someone's heart" ni kumtia mtu huzuni kubwa, mara nyingi ya mapenzi au ya msiba. Mtunzi akiweka kukata tamaa katika Orodha B, atawanasa wengi, tena wale wanaojua Kiswahili vizuri.

Kwa hiyo ni vyema kuanza na nahau unazozijua kwa hakika, si kufuata namba. Kisha tazama umbo. "Under the weather" hueleza hali ya mtu, hivyo hutarajii maana ya kitendo kama kutoboa siri. Jibu lenye neno lilelile lililomo kwenye nahau, au lenye picha yake, lipimwe kwenye sentensi kabla ya kuandikwa.

Walimu nao wana la kuangalia. Zoezi likiwa na nahau tano na maana tano, kila maana ikitumika mara moja, haiwezekani mtu kupata nne. Akikosea moja, atakuwa amechukua jibu la nyingine, basi zinaharibika mbili. Na anayejua nne hupewa ya tano bure. Maana za ziada huondoa kasoro zote mbili, na ndiyo sababu hapo juu ziko saba.

Jambo la mwisho ni kwamba maneno ya nahau mara nyingine humaanisha kile hasa yanachosema. "Kick the bucket" ni kufa, lakini ng'ombe anayekamuliwa anaweza kweli kupiga ndoo teke. Muktadha hutofautisha, na umbo husaidia. Nahau hii haikubali kuguswa: ukisema "kicked a bucket", au ukaigeuza kuwa "the bucket was kicked", kifo kinatoweka na inabaki ndoo. Si nahau zote zilizo ngumu hivyo, kwani "the beans were spilled" bado ni siri iliyotoboka. Ndiyo maana nahau hujifunzwa pamoja na sentensi mbili tatu zinazoonyesha jinsi inavyotumika.