Ndoo ya Lita 20 Baada ya Kujifungua

Maji ya lita 20 yana uzito wa kilo 20, na ndoo yenyewe huongeza kidogo. Katika vijiji vingi vya Kibondo na Kasulu nyumba ziko vilimani na chemchemi ziko bondeni, kwa hiyo mama aliyejifungua atauinua uzito huo kutoka ardhini, kisha apande nao mlima. Mwanamke wa mjini huuliza ni lini anaweza kurudi kukimbia au kwenda jimu. Kwa mkulima wa nyanda za juu za Kigoma, mazoezi hayo ni jembe, kuni na ndoo, na ni mazoezi mazito kuliko ya wengi wanaolipia jimu. Mwajiriwa hupewa na sheria siku 84 za likizo ya uzazi. Mvua za Novemba hazimpi mkulima hata moja.

Sehemu inayoelemewa zaidi haionekani. Misuli ya sakafu ya nyonga imetandaa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, nayo ndiyo inayoshikilia kibofu, mji wa mimba na njia ya haja kubwa. Kichwa cha mtoto kinapopita, baadhi ya misuli hiyo hunyooka zaidi ya mara mbili ya urefu wake. Watafiti wa Norwe waliowafuatilia kina mama kwa kipimo cha altrasaundi waliona kwamba sehemu kubwa ya kurejea kwake hutokea ndani ya miezi 6 ya kwanza. Mama anaponyanyua kitu kizito, shinikizo ndani ya tumbo hupanda na kusukuma chini, na misuli ambayo haijarejea ndiyo inayolipokea.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka mkoa wa Kilimanjaro unaonyesha mambo yanaweza kufika wapi. Wanawake zaidi ya elfu moja wa vijijini walipimwa, na karibu theluthi mbili walikuwa na kiwango fulani cha kushuka kwa viungo vya nyonga. Wengi wao hawakuwa na hali kali, lakini takriban 7 kati ya kila 100 walikuwa nayo. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana na tatizo hilo ni kuzaa mara nyingi na kubeba mizigo mizito kwa saa nyingi. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba ndoo ndiyo iliyosababisha. Hata hivyo, unatosha kufanya uzito wa mzigo uulizwe kliniki, jambo ambalo ni nadra kutokea.

Mahali pa kuliulizia ni hudhurio la kliniki karibu na siku ya 42. Muuguzi au daktari huangalia kama damu ya uzazi imekoma, mshono umepona, shinikizo la damu liko sawa na mama hana upungufu mkubwa wa damu. Ruhusa anayotoa hapo ni ya kuanza kuongeza kazi kidogo kidogo. Haina maana kwamba mwili umekwisha kupona. Kwa aliyejifungua kwa upasuaji tofauti hiyo ni kubwa zaidi: ngozi huweza kuonekana imefunga vizuri huku utando mgumu wa ukuta wa tumbo ukiwa na nusu tu, au zaidi kidogo, ya nguvu yake ya awali.

Mazoezi ya nyonga yenyewe hayahitaji kifaa, ila lazima mama apate misuli sahihi. Akiwa amelala au ameketi, abane kana kwamba anazuia upepo usitoke nyuma na mkojo usitoke mbele, huku akitoa pumzi. Ashikilie sekunde chache, kisha alegeze kabisa kwa muda uleule. Hufanya hivyo mara 8 hadi 10, kwa mizunguko mitatu kwa siku, na kadiri wiki zinavyopita hujaribu kufika sekunde 10. Akijikuta anazuia pumzi, anakaza makalio au tumbo linatutumka, amebana misuli isiyo yenyewe. Wala asijizoeze kwa kukatiza mkojo kila aendapo chooni, kwa sababu kibofu huweza kubakiza mkojo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, halikupendekeza mazoezi haya kama kinga kwa kila mama baada ya kujifungua, kwa kuwa ushahidi wa kinga hiyo ulikuwa hafifu. Kwa anayevuja mkojo akikohoa au akiinua mzigo hali ni tofauti: mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2021 unataka afundishwe na kusimamiwa kwa angalau miezi mitatu. Mwenye dalili ndiye asiyepaswa kuachwa ajitibu kwa kubahatisha.

Tumbo nalo lina kipimo chake. Mama hulala chali, magoti yakiwa juu, huinua kichwa kidogo na kupapasa juu ya kitovu. Nafasi ya vidole viwili au zaidi kati ya misuli ya pande mbili ni ya kawaida sana: huko Norwe ilikutwa kwa 6 kati ya kila wanawake 10 wiki 6 baada ya kujifungua, na baada ya mwaka ilikuwa imebaki kwa theluthi moja. La kuangalia zaidi ni kama katikati ya tumbo panainuka kama tuta la viazi anapojikaza. Pakiinuka, kazi hiyo bado ni nzito kwake. Aanze na kutelezesha kisigino kimoja kimoja akitoa pumzi, kisha kuinua kiuno akiwa amelala chali, kisha kukaa na kuinuka kwenye kigoda. Mkaja hupunguza maumivu na humpa mama utulivu, lakini ukikazwa mno unaweza kusukuma shinikizo kuelekea nyonga.

Tuchukue mfano wa mama aliyejifungua salama kwa njia ya kawaida katikati ya Septemba. Hadi mwisho wa Oktoba hutembea tambarare, kwanza dakika 10, huku akibana nyonga kila siku, na uzito wake mkubwa ni mtoto. Baada ya kliniki huanza na dumu la lita 5. Zikipita wiki mbili bila dalili, huenda lita 10, na anapolima huchukua vipindi vifupi kwa jembe jepesi, mtoto akiwa ameachwa kivulini na ndugu. Ndoo ya lita 20 hungoja Desemba au Januari, na hata hapo hutwishwa na watu wawili, kwa sababu kuitoa ardhini hadi kichwani ndiyo hatua ngumu kuliko zote. Ratiba hii ni makadirio, na dalili ndizo zinazoamua. Akihisi uzito ukeni au kitu kinashuka, mkojo ukiponyoka, au damu iliyokoma ikirudi, hurudi hatua moja nyuma na kwenda kuonwa. Anayetaka kukimbia au kucheza netiboli naye asubiri angalau miezi mitatu.

Mkojo unaovuja mfululizo, usiku na mchana, baada ya uchungu wa muda mrefu, huenda ukawa ni fistula. Fistula ya muda mrefu haiponi kwa mazoezi. Hufungwa kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam huufanya bila malipo. Homa, damu nyingi, au mguu mmoja uliovimba na kuuma pia havingoji siku ya 42.

Mume, mama mkwe na mawifi ndio wanaoamua nani ashuke chemchemini miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua. Wamchotee maji, na akianza kuchota mwenyewe, wamtwishe. Naye akifika kliniki aseme wazi anabeba lita ngapi, na kama anavuja mkojo alitaje hilo kabla hajaulizwa.